Anaachaje?

"Kama munajua ile mafuta inaharibu ngozi, mbona hamuachi tu?"

Anayeuliza mara nyingi ni mwanaume, na tunawajua bamama wanaojichubua huku Bukavu, wengi wanajua vizuri kabisa inaharibu. Shida yao haiko ujinga. Na ile hadithi ya kwamba wanachukia weusi wao, mimi naiona nyepesi sana, maana huku kwetu mwanamke mweupe watu wanasema "anatunzwa", akirudi kuwa mweusi wanauliza bwana yake amefilisika ama amemuacha. Rangi inasoma ndoa yake mbele ya watu.

Angalia kwanza ile melanje yenyewe. Sokoni muuzaji anafungua chupa ya mafuta ya mwili ya mililita 500, anakamulia ndani tubi tano za klobetasoli za gramu 30, anatikisa, anafunga. Klobetasoli ni dawa ya hospitali, ya magonjwa magumu ya ngozi, iko kati ya steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote, na kiwango chake ni gramu 50 kwa wiki mwisho, tena wiki mbili tu mfululizo. Sasa fanya hesabu, tubi tano ni gramu 150, chupa ikiisha wiki tatu huyo mama anapaka gramu 50 kila wiki, kile kiwango cha juu kabisa, ila yeye hasimami wiki ya pili, anaenda mwaka, miaka minne. Kuchanganya na mafuta hakupunguzi jumla ya dawa, ni ile ile, imesambazwa tu mwili mzima.

Kwa hiyo wanaopigia kelele hizi krem wana haki yao. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi mipana inatoka kwa mapaja na kwapa, na akizaa kwa operesheni kidonda kinaweza kuchelewa kufunga. Chupa zingine zina hidrokinoni, dawa ya kufanya ngozi iwe nyeupe, ile Afrika Kusini ilikataza kwa vipodozi tangu 1990, na hiyo ikitumika miaka inaweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi kwa mashavu, mtu anafikiri ni weusi unarudi, anaongeza krem, na ndiyo anazidi kuyalisha. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, mwisho wa 2018 polisi walipita madukani kuondoa hizi bidhaa, na sioni ubaya wa kufunga duka. Ila ngozi ya yule ambaye chupa yake imeisha leo, nani anaifikiria?

Mama mdogo wangu aliacha siku moja, bila kuambia mtu, sababu binti yake alimuomba. Siku ya tano uso ukawa mwekundu na kuvimba, akasema unawaka kama mtu amempaka pilipili, usiku akalala na kitambaa cha maji juu ya mashavu. Yeye anauza vitenge, anasimama mbele ya watu kutwa nzima, wateja wakaanza kumuuliza ni ugonjwa gani. Mama mkwe wake akasema, "Mukwe, umezeeka hivi ghafla?" Siku ya kumi na mbili akarudia chupa, na kwa siku mbili uwekundu ukaisha. Hapo ndipo mtego ulipo, ile dawa inatuliza moto ambao kukosekana kwake kumeuwasha, na mwili unajifunza kwamba chupa ndiyo uponyaji, halafu sisi tunakuja kumwambia hana msimamo.

Kuna na hatari ya ndani ambayo haionekani kwa kioo. Steroidi ikipita ngozini miezi mingi, tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kutengeneza kortisoli yao zenyewe, homoni ambayo mwili hauwezi kukaa bila, na ukikata ghafla unaweza kubaki bila. Akiacha kisha anaona kizunguzungu akisimama, anatapika, hana nguvu hata ya kufua, ama anazimia, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi alikuwa anapaka nini na kwa muda gani, hata kama anaona haya.

Mara ya pili mama mdogo alienda kwa daktari na ile chupa mkononi. Akapimwa kortisoli asubuhi, akapewa steroidi dhaifu zaidi, akapunguza siku za kupaka pole pole, na mafuta ya kawaida bila harufu siku zingine, kofia kwa jua. Ilichukua miezi nane. Rangi yake ilirudi, isipokuwa yale madoa chini ya macho.

Bwana yake hakusema neno, si baya, si zuri. Kwenye harusi ya kwanza tuliyoenda naye baada ya hapo, mpiga picha alipanga bamama mstari wa mbele, akamtazama, akamwambia, "Mama, sogea nyuma kidogo, taa haikushiki." Akasogea.