Mbunge wa Norway na Kikwao, Mimi na Kalamu Nyekundu

Nilipofika Bergen nilimchukia mtangazaji mmoja wa hali ya hewa. Darasani nafundishwa Bokmål, Kinorwe cha vitabuni, najiona nimeiva, kisha bwana yule anasema lahaja ya kwao na mimi sishiki hata kama kesho kuna mvua. (Bergen mvua ipo tu, usiulize.) Nilidhani mzaha. Kumbe Norway haina Kinorwe sanifu cha mdomo. Mbunge huhutubia bunge kwa lahaja ya kijijini kwao, wala hachekwi.

Usanifu wao ni wa maandishi, tena uko wa aina mbili. Bokmål ilitokana na Kidenishi cha watawala wa zamani. Nynorsk aliiunda Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, aliyezunguka vijijini miaka ya 1840 akikusanya lahaja, kisha akatengeneza sarufi moja kutokana na nyingi. Mwaka 1885 bunge likazipa zote mbili hadhi sawa.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mkutano wa 1928 wa kuchagua lahaja ya kuwa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa penyewe, na hapo hapo Kiunguja kikachaguliwa. Wamishenari wa Mombasa waliokipigania Kimvita, lahaja ya hapo Mombasa, walishindwa. Sikatai, hoja ilikuwepo: misafara ilikwisha kukifikisha Kiunguja bara, na serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya aina moja Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ya Lugha iliyoanza 1930 ikawa ndiyo ya kupitisha vitabu vya shule. Kuanzia hapo Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka, ikawa kosa la mwanafunzi.

Na hapa ndipo ninapochemka. Kwenye insha niliandika “mato” badala ya “macho”, mwalimu akapiga mstari mwekundu, nikakatwa alama. Wiki ileile, kwenye ushairi, tukafundishwa kwamba “mato” na “ndia” ni uhuru wa mshairi. Yaani bibi yangu, akiagiza mtele dukani, anatumia uhuru wa mshairi!

Najua mtakuja: “Umekula samaki wa baridi, sasa unatudharau.” Simdharau mtu. Hata hawa wana ugomvi wao. Wanafunzi wa Bokmål wananung’unika kulazimishwa kujifunza Nynorsk, na Nynorsk yenyewe waandishi wake ni wachache. Mwingine atasema Norway ni kanchi kadogo, sisi tukiachia kila mtu aseme kikwao, wa Mwanza atamwelewaje wa Lamu? Ndugu yangu, nani kagusa maandishi? Haya unayoyasoma si sanifu? Nasema mdomo. Mtangazaji asome habari za bandari ya Kilindini kwa Kimvita chake, tuone nani atapotea. Nawe unayesema utapotea, hebu nieleze mbona taarabu ya Mombasa harusini unaiimba hadi mwisho.