Jina la mtumaji kwanza, "ofa" baadaye

"Nauza kahawa ya kukaanga hapa Mbeya, nina anwani 600 za barua pepe za wateja. Mtumaji aonekane kwa jina langu au la duka? Na nikiandika 'ofa', si nitaangukia kwenye barua taka?"

Wanaotetea jina la mtu wana hoja nzito. Mteja aliyeonja kahawa yako pale Mwanjelwa anakumbuka uso na maneno yako kuliko bango la duka. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo haidumu. Miezi minne baadaye yuko Dar, anaona jina la kwanza tupu kwenye simu, hamjui huyo mtu, anabonyeza "ripoti taka". Google inataka malalamiko ya namna hiyo yasifike asilimia 0.3. Kama wote 600 wanatumia Gmail, watu wawili tu wanatosha kukuvusha kiwango hicho.

Jina la duka peke yake ni salama zaidi, ila halina joto. Mimi ningeyaunganisha: jina lako la kwanza, "wa", kisha jina la duka kwa kifupi, maana simu hukata majina marefu. Ukishachagua, usilibadilishe kila wiki. Na anwani yenyewe iwe ya kikoa chako, tuseme ya .co.tz, iliyowekewa SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio ya kikoa inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Ukitumia huduma ya kutuma kwa wengi huku mtumaji akisomeka @gmail.com, uthibitisho hauoani na barua inatiliwa shaka hata ikiwa na maneno mazuri kiasi gani.

Hilo la "ofa" limetiwa chumvi. Vichujio vya leo hupima zaidi sifa ya mtumaji na jinsi wapokeaji wanavyoitendea barua. Neno moja halikuzamishi. Lakini wanaoliogopa hawajakosea kabisa: "OFA OFA!!! WAHI" kwa herufi kubwa inafanana na barua za matapeli, na msomaji huifuta kabla ya kichujio. Kibaya zaidi ni kuanza na "Re:" wakati hamkuwahi kuandikiana. Watu watafungua, kweli, kisha watakuripoti kwa hasira.

Ningeandika mada hivi: "Kahawa ya Mbozi imekaangwa jana". Ni herufi 31 pamoja na nafasi, inaenea kwenye simu nyingi. Mstari wa dokezo, ule unaoonekana baada ya mada kabla barua haijafunguliwa, ubebe kile ambacho mada haikusema: "Ofa ya nusu kilo, oda mwisho Alhamisi jioni". Ukiuacha wazi, programu huchota maneno ya mwanzo ya barua, na mara nyingi ni "Kama huoni picha, bonyeza hapa". Nafasi nzuri imepotea.

Kisha hesabu oda na majibu, usitegemee idadi ya waliofungua. Tangu 2021, Apple Mail inaweza kupakua picha za barua kabla mtu hajaigusa, na kwa kuwa ufunguzi huhesabiwa picha inapopakuliwa, anahesabiwa amefungua hata aliyekuwa amelala.