Alamu imelala ndani ya nyumba inayoungua

Hii nilishaapa sitaisimulia, ila bosi kaitoa kwenye sendofu ya dada yake, basi acha nimalizie mwenyewe.

Sisi ni watu watatu, seva moja ya MySQL, mfumo wa stoku za maduka, na kila kitu kikifa wa kwanza kutuambia ni mteja. Nikachoka. Ijumaa jioni nikaweka alamu: skripti ya kroni kila saa inacheki diski na koneksheni, diski ikipita 90% inanitumia barua pepe. Halafu nikawasha logi ya kweri za polepole. MySQL yenyewe inaandika kweri iliyozidi sekunde 10, sasa mi nataka kuona kama logi inafanya kazi kweli, nikaweka sifuri, yaani andika kila kitu.

```
SET GLOBAL slow_query_log = 1;
SET GLOBAL long_query_time = 0;
```

Nafungua faili, patupu. Kumbe hiyo namba inashika koneksheni mpya tu, zile za mfumo zilikuwa wazi tangu asubuhi. Nikasema imegoma, nikaenda zangu kula chipsi.

Saa tisa usiku ikaamka kazi ya kuhamisha stoku, koneksheni mpya kabisa, INSERT za maelfu ya mistari zinaandikwa nzima nzima kwenye logi. Kroni ilipocheki saa tisa diski iko 86%, salama. Saa kumi imejaa.

Asubuhi simu, mama mwenye duka Tandika. "Shikamoo mama." "Marahaba, hiki kidude chenu kinazunguka tu, watu wamenijalia hapa!" Nikaingia, `df -h` inasema 100%, kweri za kuandika zimeganda zinasubiri nafasi, kila moja kakumbatia koneksheni yake, mfumo unafungua zingine mpaka zikafika 151, mwisho wa kawaida wa MySQL, `Too many connections`.

Mwenzangu kwenye simu: "Si uliweka alamu jana?"

Niliweka. Barua pepe zinatumwa na Postfix ya seva hiyohiyo, nayo lazima iiweke barua kwenye diski kwanza ndo iitume.

Nikafuta logi kwa `rm`, fasta, najiona fundi. `df` tena: 100%. Faili halionekani lakini mysqld bado kalishika, na nafasi hairudi mpaka aliachie. `lsof +L1` ikanionyesha, nikalimwaga kupitia `/proc`:

```
: > /proc/1432/fd/27
```

Diski ikashuka hapohapo, kweri zikaanza kukimbia.

Siku hizi logi inaandika kweri iliyozidi sekunde 1 tu, inazungushwa kila usiku, na kompyuta nyingine kabisa ndo inacheki kila dakika, inapiga meseji diski ikifika 80% au `Threads_connected` ikigusa 120. Yule mama namba yake nimeisevu "Alamu ya Tandika", mpaka leo yeye na hiyo kompyuta wanashindana na mama anaongoza.