Halaka ya zikri: ugomvi uko kwenye umbo lake

"Qurani imetuamrisha tumtaje Mwenyezi Mungu kwa wingi, tukiwa tumesimama, tumeketi na tumelala. Watu wakikaa duara wakamtaja kwa sauti moja, kosa liko wapi mpaka waitwe watu wa bidaa?"

Ndugu yangu, tuanze na kisa ambacho pande zote mbili hukitegemea, kwa sababu ukikisoma kwa utulivu utaona mzozo mzima umekaa humo. Kimepokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Imamu Darimi, na mahali pake ni msikiti wa Kufa, miaka michache tu baada ya kufariki Mtume (s.a.w.). Abu Musa al-Ash'ari, sahaba, aliingia msikitini kabla ya Alfajiri akakuta watu wamekaa halaka halaka, yaani duara duara, wakisubiri swala. Mikononi wana vijiwe. Katika kila halaka yuko mtu mmoja anayesema, "Letini takbiri mia," nao wanaleta takbiri mia. "Letini tahlili mia," wanaleta. "Letini tasbihi mia," wanaleta. Abu Musa hakuwakataza. Alikwenda kumngoja Abdullah bin Mas'ud mlangoni kwake, akamwambia: nimeona jambo nisilolijua, na sikuona ndani yake ila heri.

Ibn Mas'ud akaja akawasimamia. Akawauliza wanafanya nini, wakamjibu kuwa wanahesabu takbiri, tahlili na tasbihi kwa vijiwe. Akawaambia wahesabu madhambi yao, na yeye ni mdhamini kuwa hakuna jema lao litakalopotea. Kisha maneno makali: masahaba wa Mtume bado ni wengi, nguo zake hazijachakaa, vyombo vyake havijavunjika, nanyi ama mko kwenye mila yenye uongofu kushinda ya Muhammad, ama mnafungua mlango wa upotofu. Wakasema, "Hatukutaka ila heri." Akajibu: ni wangapi wanaoitaka heri na wasiifikie. Mpokezi anamalizia kwamba wengi wa watu wa halaka zile aliwaona baadaye wakipigana upande wa Makhawariji, kundi lililomwasi Khalifa Ali, siku ya vita vya Nahrawan.

Anayepinga halaka ana kila sababu ya kuanzia hapa. Aliyekemea ni sahaba mkubwa. Alichokemea kilikuwa na maneno sahihi kabisa, takbiri na tahlili, na waliokifanya walikuwa na nia njema. Kwa hiyo hoja yake ni hii: uzuri wa maneno na wa nia hauhalalishi umbo ambalo Mtume hakulifanya. Imamu Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliliwekea jambo hili jina, bidaa idhafia, yaani ibada yenye asili katika sheria iliyoongezewa sura isiyo na asili. Miongoni mwa mifano yake ni zikri ya pamoja kwa sauti moja. Mpinzani makini hasemi kwamba kumtaja Mungu ni dhambi. Anasema: nani aliyekupangia duara, idadi, wakati na kiongozi, ukayashika kama kwamba yameteremshwa?

Lakini juu ya kisa hichohicho kuna mambo mawili ambayo mara nyingi hurukwa. La kwanza, Ibn Mas'ud alifariki yapata mwaka 653, na vita vya Nahrawan vilipiganwa 658. Uhusiano wa halaka na Makhawariji, basi, ni maelezo ya mpokezi aliyeyaona ya baadaye, na hauwezi kuwa sababu ya Ibn Mas'ud kukataza. La pili, watu wa tarika, yaani njia za Kisufi zenye halaka hizi, wanazo pia riwaya za upande wao. Jalaluddin Suyuti, aliyefariki 1505, aliandika risala nzima kutetea zikri ya sauti. Humo aliikabili riwaya nyingine ya aina hii inayonasibishwa kwa Ibn Mas'ud, akaleta kauli ya Abu Wail, mwanafunzi wake: hawa wanaodai Abdullah alikuwa akikataza zikri, mimi sikukaa naye kikao chochote ila alimtaja Mwenyezi Mungu ndani yake.

Tena iko hadithi katika Sahihi Muslim ambayo kwa maoni yangu ndiyo nguzo ya wanaotetea. Mtume alitoka akakuta halaka ya masahaba wake, akawauliza nini kimewakalisha. Wakasema wamekaa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumhimidi kwa kuwaongoza kwenye Uislamu. Akawaambia Jibrili amemjia na kumpa habari kwamba Mwenyezi Mungu anajifaharisha nao kwa malaika. Baada ya hadithi hiyo, kusema kwamba kukaa duara kwa zikri ni uzushi tangu mwanzo hakusimami. Mpinzani atajibu kuwa hadithi haikusema walikuwa wakisema kwa sauti moja. Ni kweli, haikusema, na mtetezi naye hana haki ya kuijaza nafasi hiyo kwa anachokipenda.

Sauti nayo ina mvutano wake. Katika safari moja masahaba walipaza takbiri kwenye bonde, Mtume akawaambia wajihurumie, kwani hawamwiti kiziwi wala asiyekuwepo. Hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Humohumo imo ya Ibn Abbas, kwamba kupaza sauti kwa zikri watu wanapomaliza swala ya faradhi kulikuwepo zama za Mtume. Imamu Shafi'i alizioanisha: kupaza kulikuwa kwa muda ili watu wafundishike, na asili ni kusema kimya. Naona huu ndio usomaji wenye nguvu zaidi, na anayeufuata hana haja ya kumwita mwenzake mpotofu, maana sauti bado ina mlango wake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hili si shauri kati ya Masufi na wapinzani wao peke yao. Tarika ya Naqshbandiyya, inayonasibishwa kwa Bahauddin Naqshband aliyefariki 1389, inajulikana kwa zikri ya moyoni, na Qadiriyya kwa zikri ya kusikika. China, katika karne ya 18, masheikh wawili, Ma Laichi na Ma Mingxin, walirudi kutoka nchi za Waarabu, wote na asili ya Naqshbandiyya. Wafuasi wa wa kwanza waliitwa Khufiyya, watu wa zikri ya siri, na wa pili Jahriyya, watu wa zikri ya sauti. Pamoja na ushindani wa uongozi na wafuasi, tofauti hiyo ilifika kwenye mashtaka na mapigano, serikali ya Qing ikaingilia, na mwaka 1781 Ma Mingxin akauawa mjini Lanzhou. Kila nikikisoma kisa hiki moyo unaniuma, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na sheikh, silsila na uradi, na neno walilogombania namna ya kulitamka lilikuwa ni lilelile, La ilaha illa Allah.

Sasa tuingie ndani ya halaka yenyewe. Kwa kawaida huanza kwa Fatiha, istighfari na kumswalia Mtume. Kisha La ilaha illa Allah, polepole, kichwa kikienda kulia kwenye kukanusha na kurudi kushoto, upande wa moyo, kwenye kuthibitisha. Khalifa, yaani naibu wa sheikh wa tarika, anaongoza kwa mkono au kwa sauti. Mwendo unapanda. Neno linafupizwa kuwa Allah, Allah, baadaye Hu au Hai, mpaka mwisho kinachosikika kwa wengine ni pumzi tupu kutoka kifuani.

Hapo ndipo pingamizi linapokuwa zito zaidi. Ibn Taymiya, aliyefariki 1328, alisema jina peke yake halikuwekwa na sheria kuwa zikri, kwa sababu si sentensi iliyokamilika: halina imani wala ukafiri ndani yake, na kiwakilishi Hu, yaani Yeye, kiko mbali zaidi. Watetezi humjibu kwa aya ya 91 ya Suratul An'am, "Sema: Allah. Kisha waache." Yeye anawarudisha mwanzo wa aya hiyohiyo, ambapo imeulizwa nani aliyeteremsha kitabu alichokuja nacho Musa. "Allah" pale ni jibu la swali, na jibu hubeba sentensi nzima. Kwa lugha ya Kiarabu naona amesema sawa. Lakini wanayo hoja nyingine isiyotoka kirahisi hivyo: hadithi ya Muslim kwamba Kiyama hakitasimama mpaka pasiwe na anayesema duniani Allah, Allah. Anayelitaja jina peke yake kwa hadithi hii ana shubuha inayoheshimika. Na Ibn Taymiya huyu hakuwatupa Masufi wote. Alimsifu Junaid, akamsifu Abdulqadir Jilani, na akaandika sherehe ya sehemu ya maneno yake.

Lisilo na utetezi ni jina lililovunjika. Pumzi ikishindana na mwendo, "illa Allah" humezwa ikabaki "La ilaha" tupu, yaani hakuna mungu, na hakuna mwanachuoni wa tarika atakayekubali hilo kwa makusudi. Kuna na suala la mwili. Mtu akihema kwa kasi kwa dakika kadhaa hupoteza hewa ya kaboni kupita kiasi, damu hupungua kwenda kwenye ubongo, kichwa huwa chepesi, vidole huwasha na kufa ganzi, na wengine huanguka. Kijana asiyefundishwa huyaita hayo jadhba, yaani kuvutwa na Mungu, na akarudi wiki ijayo kuyatafuta. Masheikh wa zamani walilijua jaribio hili bila kujua habari za kaboni. Junaid wa Baghdad, aliyefariki 910, alikaa bila kutikisika watu wakisisimka, na alipoulizwa akasoma aya ya milima unayoiona imetulia nayo inapita mpito wa mawingu. Izzuddin bin Abdissalam, aliyeigawa bidaa mafungu matano na kauli yake hutumiwa na watetezi mpaka leo, aliandika kuwa kucheza na kupiga makofi ni wepesi wa akili.

Kwa hiyo, ukiniuliza wapi nimesimama, kukaa pamoja kumtaja Mungu kuna dalili, na anayekuita mshirikina kwa hilo amevuka mpaka. Kulifanya umbo la sheikh fulani kuwa sharti, na asiyekuja Alhamisi akaonwa amepungukiwa na dini, ndiko hasa kunakofanana na lile alilolikemea Ibn Mas'ud. Na kama unataka kuijua halaka uliyoalikwa, usiipime mwanzo, maana mwanzo kila mtu hutamka vizuri. Kaa mpaka mwendo ukishapanda, ufumbe macho, usikilize kama bado unaisikia "illa Allah" herufi kwa herufi. Ukiikosa, mwambie khalifa baada ya dua, mkiwa wawili. Atakavyokujibu ndivyo utakavyojua kama uko mbele ya mlezi.