Sumaku iliyojiinua yenyewe: Lenz au Meissner?

"Mwalimu, darasa letu la S.6 hapa Jinja limegawanyika. Sumaku ndogo ikielea juu ya kisahani cha superkondakta, wenzetu wanasema ni kanuni ya Lenz tu, maana ukinzani ni sifuri. Sisi tunasema ni athari ya Meissner. Nani yuko sahihi?"

Niwaanze wenzenu, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko mnavyodhani. Kanuni ya Lenz inasema uga wa sumaku ukibadilika ndani ya kitu kinachopitisha umeme, huzuka mikondo ya kuyapinga mabadiliko hayo. Na superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kitu kisicho na ukinzani hata chembe hakiwezi kuwa na volti ndani yake. Ingekuwepo hata kidogo, mkondo ungekua bila kikomo. Na pasipo volti, uga wa sumaku ulio ndani yake hauwezi kubadilika. Sasa chukua kisahani kilichokwisha kupoa, kisicho na uga wowote ndani, kisha ukishushie sumaku kutoka juu. Uga wa sumaku unapotaka kuingia, mikondo inazuka kwenye uso wa kisahani na kutengeneza uga wa kuupinga. Katika shaba mikondo hiyo ingekufa kufumba na kufumbua. Hapa hakuna cha kuichosha, inazunguka tu, na sumaku inaelea. Hatujamtaja Meissner hata mara moja, wala hatujakosea popote.

Kwa hiyo picha tuliyoizoea, ya mkono ulioshika kibanio ukishusha sumaku juu ya kisahani kinachofuka ukungu mweupe, haiamui ubishi wenu. Ni ushahidi unaokubalika na pande zote mbili, yaani haufai kwa kesi hii.

Wanafizikia wenyewe walikaa upande wa wenzenu kwa miaka 22. Heike Kamerlingh Onnes aliona ukinzani wa zebaki ukitoweka mwaka 1911 kule Leiden, na tangu hapo wengi walimchukulia superkondakta kuwa ni waya mzuri kupita kiasi. Mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walifanya jambo ambalo ukilisikia unaona dogo: walibadilisha mpangilio. Badala ya kupoza kwanza kisha kuleta uga, walianza na uga. Waliweka vipande vya risasi na bati ndani ya uga wa sumaku vikiwa bado na joto, uga ukapenya humo bila shida, ndipo wakavipoza. Kwa hesabu ya Lenz, hapo hapakutakiwa kutokea kitu. Hakuna kilichosogea, hakuna uga uliobadilishwa, basi uga uliokuwa ndani ungebaki ndani. Lakini ubaridi ulipovuka kiwango chake, uga ulisukumwa nje, na wao wakaupima ukiwa umeongezeka pembezoni mwa vipande vile. Kusukumwa huko ndiko athari ya Meissner, na hiyo ndiyo maana ya daimagneti kamili: kitu kinachojitengenezea usumaku wa kinyume unaolingana sawasawa na uga unaokijia, hadi ndani panabaki sifuri. Kipimo chake, yaani uwiano wa usumaku huo kwa uga unaokijia, ni −1. Bismuthi, ambayo vitabuni husifiwa kama daimagneti hodari, ina takriban −0.00017.

Kumbe swali lenu linaweza kupimwa mezani, mradi sumaku itangulie baridi.

Mimi nimelifanya hili kwa nitrojeni ya kimiminika kutoka kwenye mtungi wa wahimilishaji wa ng'ombe, ule unaotunza mbegu za madume. Ndiyo nitrojeni iliyo rahisi kupatikana kwetu, na ubaridi wake, kelvini 77, unatosha kwa kisahani cha YBa₂Cu₃O₇, ambacho hugeuka superkondakta kwenye kelvini 92 hivi. Kisahani changu ni cheusi, upana wa sentimita mbili na nusu, kimeokwa kutoka unga. Nilikilaza ndani ya kibakuli nilichokichonga kwenye povu gumu lililokuja na televisheni. Juu yake niliweka sumaku ya neodimiamu, mchemraba wa milimita 3, ikiwa imekaa moja kwa moja kwenye kisahani. Kisha nikamimina nitrojeni polepole pembeni, nikihakikisha haifikii uso wa juu wa kisahani.

Mwanzo ni kelele tupu. Nitrojeni inachemka kama mafuta ya kukaangia mandazi, ukungu unajaa, huoni kitu. Baada ya muda inatulia, na kule kutulia ndiko kunakokuambia kuwa kisahani kimefikia ubaridi wake. Ukipuliza ukungu kidogo utaona sumaku haijalala tena. Upande mmoja umenyanyuka, halafu wa pili, halafu kuna mwanya chini yake, mwembamba kama unene wa sarafu mbili. Hakuna aliyeigusa.

Mtu wa Lenz atasema ni mapovu ya nitrojeni yaliyoirusha. Ni pingamizi halali, na ndiyo sababu sikuiacha nitrojeni ipande hadi juu. Zaidi ya hapo, weka kokoto yenye uzito uleule mahali pa sumaku na urudie yote: kokoto haisogei. Lakini pingamizi langu kwake ni zito zaidi. Kuinua uzito ni kazi, hata uwe gramu 0.2, na kazi haifanyiki bure. Kanuni ya Lenz inahitaji kitu kisogee au uga ubadilike kwanza ndipo mikondo izuke, na hapa kila kitu kilikuwa kimetulia. Nani amelipa? Amelipa kisahani chenyewe. Hali ya superkondakta ina nishati ndogo kuliko hali ya kawaida, na sehemu ya tofauti hiyo ndiyo iliyotumika kuusukuma uga nje na kuinyanyua sumaku. Ukinzani sifuri peke yake hauna akiba ya namna hiyo.

Hapo mmeshinda ninyi. Ila msipige vigelegele bado, maana kisahani hiki nacho si shahidi msafi.

Tuhesabu kidogo. Daimagneti kamili na bapa hufanya kama kioo: chini yake panatokea kivuli cha sumaku yako, na kivuli hicho kinaisukuma. Sumaku ya milimita 3 yenye usumaku wa tesla 1.2 ikilala ubavu, yaani ncha zake zikitazama pembeni, msukumo huo unalingana na uzito wake kwenye kimo cha kama milimita 9, kwa kisahani kipana sana. Mimi niliona mwanya mwembamba zaidi ya hapo. Udogo wa kisahani unachangia, lakini sababu kubwa iko kwenye mpangilio uleule. Sumaku ilipokuwa imekaa juu ya kisahani, uso wake ulikuwa na uga wa mamia ya militesla. YBa₂Cu₃O₇ kwenye kelvini 77 huufukuza uga wote pale tu unapokuwa wa militesla kumi hivi au chini yake. Ukizidi, uga unaingia kwa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo hunasa kwenye dosari za ndani, mithili ya nguo kwenye miiba. Kwa hiyo sehemu ya uga ilifukuzwa na sehemu ilinaswa. Sumaku ikapanda, lakini si hadi pale ambapo daimagneti kamili ingeifikisha.

Kunasa huku mtakuona mkiigusa sumaku kwa kijiti cha mti au cha plastiki. Daimagneti kamili haina kumbukumbu: ibonyeze sumaku chini, iachie, itarudi palepale ilipokuwa. Kwenye kisahani changu ilibaki chini kidogo ya pale. Pia isukume ubavuni. Juu ya uso bapa ulio daimagneti kamili hakuna kinachoizuia isiteleze hadi ukingoni na kuanguka, kwa sababu kivuli chake huifuata popote. Yangu ilijitikisa ikarudi katikati. Walioiona walifurahia utulivu huo wakidhani ndio Meissner. Utulivu ule ulitokana hasa na uga ulionaswa.

Hapa ndipo neno "kisahani" linaponipendeza. Mrusi Vladimir Arkadiev, aliyeielesha sumaku kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1940, alitumia risasi iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika, na aliifinyanga iwe na bonde kama sahani ya supu. Bonde lile halikuwa pambo. Risasi safi hunasa uga kidogo mno, kwa hiyo kuta za sahani ndizo zilizoirudisha sumaku katikati. Chombo bapa kinachoshikilia sumaku bila kuta kinawaambia kwamba kuna uga umenaswa, na chombo chenye bonde kinawaambia kwamba mwenye nacho alilazimika kuwa nalo. Risasi nayo ina mpaka wake. Kwenye kelvini 4.2, za heliamu inayochemka, uga ukivuka militesla 50 na kidogo usuperkondakta wake unakufa.

Jambo moja linaweza kuwageuzia kesi yote. Visahani vya YBa₂Cu₃O₇ viko vya aina mbili. Kuna vya kuokwa kutoka unga, kama changu, ambavyo hunasa kidogo. Na kuna vilivyokuzwa polepole kutoka hali ya kuyeyuka hadi vikawa karibu fuwele moja, ambavyo hunasa kwa nguvu sana. Hivyo vya pili ndivyo vinavyoonyeshwa kwenye video, sumaku ikining'inia chini ya kisahani kilichopinduliwa. Daimagneti kamili haiwezi kuning'iniza kitu, kazi yake ni kusukuma tu. Mkirudia jaribio langu kwa kisahani cha namna hiyo, sumaku haitapanda. Itabaki palepale ilipokuwa wakati wa kupoza, kama kanuni ya Lenz inavyotabiri, na wenzenu watadai ushindi kwa kosa la kifaa. Mbinu niliyoitumia kukijua kisahani changu kabla ya kukiamini ni kuweka kipande cha karatasi kati yake na sumaku, kuvipoza pamoja, kisha kuinyanyua sumaku taratibu kwa kibanio cha plastiki. Kisahani kikifuata na kuning'inia, hicho ni cha kunasa, hakiwezi kuwaamulia. Kikibaki chini, endeleeni.

Na mkimaliza, kipasheni joto hadi kikauke kabisa, mkifungie kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Maji hukila kisahani hiki taratibu, na hewa ya Jinja, na ziwa lile pale, haina huruma. Changu cha kwanza nilikiacha juu ya meza usiku mmoja baada ya mwingine. Muhula uliofuata sumaku haikunyanyuka hata upande mmoja.