Kivuli cha pama kibaki, uso uonekane

Picha za wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki Bagamoyo huharibika kwa namna mbili, na zote chanzo chake ni kofia. Kwanza, uso unaachwa mweusi tii chini ya pama au kapelo, macho hayaonekani, mtu anabaki hana sura. Pili, na hili naliona baya zaidi, mhariri amevuta kitelezi cha `Shadows` mpaka 100 kwenye picha nzima. Uso umetokea, ndiyo, lakini una rangi ya majivu, na kivuli cha jahazi mchangani kimeoshwa kikaisha. Mimi nasema uinuliwe uso peke yake, tena usiinuliwe mpaka ukalingana na bega lililo juani. Kofia kazi yake ni kutia kivuli. Ukikifuta chote, mtazamaji atahisi uso umebandikwa, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kabla ya kushika kipanya, angalia mwanga unatoka wapi. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba huwa utosini kabisa. Wakati huo ukingo mpana hufunika uso wote. Mwanga unaobaki usoni unatoka mbinguni kwa pembeni na kutoka chini, kwenye mchanga. Ndiyo maana kidevu na chini ya pua huwa na nuru zaidi, na paji la uso, lililo karibu na kofia, huwa na giza kuliko sehemu nyingine yoyote. Mpangilio huo usiuvunje. Anayepaka brashi kwa usawa uso mzima huinua paji kuliko linavyostahili, na hapo ndipo uso unapokuwa bapa kama sahani. (Waliovaa kofia za kiua hawana shida hii, hazina ukingo.)

Tuchukue picha moja. Mvuvi amevaa pama ya ukili, kivuli kinakatiza shavuni na kuishia juu ya mdomo, bega la kulia liko juani. Picha ni ya RAW, ISO 100, imefunguliwa kwenye Lightroom Classic. Ukiweka kishale kwenye shavu lililo kivulini, namba zilizo chini ya histogramu zinasoma `R 22 G 18 B 17`. Begani ni `R 62 G 48 B 39`. Tazama shavu tena: kijani na buluu karibu zinalingana. Ngozi ya begani haiko hivyo. Ni buluu ya anga imeingia kivulini, na ukiinua mwanga bila kuigusa, utainua na buluu yenyewe.

Fungua `Masking`, chagua `Brush`, paka uso wote ulio kivulini pamoja na masikio na sehemu ya shingo iliyo gizani. Masikio husahaulika sana, na uso ulioinuliwa wenye masikio meusi unafanana na kinyago. Sasa bonyeza `O` uone rangi nyekundu imefika wapi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: kwenye mstari ambapo kivuli kinaishia. Ukingo wa kofia ukiwa sentimita 10 kutoka shavuni, mpaka kati ya kivuli na jua una upana wa kama milimita 1 tu, kwa sababu jua linaonekana angani kama duara la nusu nyuzi. Ni mstari mkali. Brashi laini yenye `Feather` kubwa haiwezi kuufuata. Ikivuka, ngozi iliyo juani inaungua na kuwa nyeupe. Ikiishia kabla, unabaki utepe mweusi kama uzi wa makaa juu ya mdomo. Usihangaike kuufuata kwa mkono. Shikilia `Alt` ili upate `Intersect`, chagua `Luminance Range`, kisha bana sehemu ya giza, kama 0 mpaka 35, na uache mteremko mfupi tu baada ya hapo. Maski sasa inakatwa na mwanga wenyewe. Faida nyingine: ukili hupitisha vitone vya jua kwenye matundu yake, vikaanguka puani na shavuni. Njia hii huviruka. Viache; vinaeleza kofia ni ya aina gani. Upande wa ndani wa pama nao utakuwa umeingia kwenye maski kama brashi iliupitia, kwa hiyo uondoe kwa `Subtract`, ubaki na giza lake.

Ndani ya maski hiyo tumia `Exposure`, usianze na `Shadows`. `Exposure` huzidisha mwanga kwa kiasi kimoja, hivyo tofauti kati ya nyusi, ngozi na weupe wa jicho inabaki ileile. `Shadows` huinua giza zaidi kuliko kilicho juu yake, na nyusi zinageuka kijivu. Kwa picha yetu, `Exposure` +1.20 inaleta shavu karibu na 34. Ongeza `Temp` +8 hivi, huku ukitazama namba: unataka nyekundu, kijani na buluu zishuke kwa ngazi kama begani, mfano `R 34 G 27 B 23`. Nyusi zikififia, shusha `Blacks` mpaka -12.

Kisha tengeneza maski ya pili, ndogo, kuanzia chini ya nyusi mpaka kwenye mifupa ya mashavu, +0.40 tu. Paji usiliguse, na kwenye maski ya kwanza lipunguzie kwa kupita na brashi ya kufutia yenye `Flow` ya 30. Mwishowe, eneo la macho linasoma karibu 38 na bega liko palepale kwenye 62. Bado kuna kama stopu moja na nusu kati yao. Mtu anaonekana, na jua bado ni la saa sita.

Kuna picha zisizoinuka. Kuinua stopu mbili kwenye ISO 100 kunaleta chengachenga za usoni kama za ISO 400, na hizo zinavumilika. Ukiinua kiasi hicho picha ya ISO 1600, shavu linajaa vidoa vya rangi, hasa kwenye ngozi nyeusi, ambayo ilishapokea mwanga kidogo tangu mwanzo. JPEG ni mbaya zaidi, maana kivulini imebakiwa na ngazi chache za rangi, na ukiivuta inakatika mabaka. Picha ya simu mara nyingi simu imeshaiinua yenyewe, hapo +0.50 inatosha.

Ukimaliza, punguza picha iwe ndogo kama stempu. Jicho likienda kwenye uso kabla ya kuona kofia, umezidisha, rudisha +1.20 iwe +0.90. Na kama picha inakwenda kuchapishwa, shusha kwanza mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe iliyo mezani ilingane nayo. Skrini inayowaka sana hukufanya uridhike na uso wa 30, na kwenye karatasi uso huo hurudi chini ya pama.