YAH: Maelezo kuhusu mkono wa kushoto uliomo kwenye picha na usiomo kwenye gauni

Mtwara

Mwalimu wangu, shikamoo.

Uliniagiza nieleze kwa maandishi jinsi picha za gauni la kanga, zilizomo katika ukurasa wa 6 na wa 7 wa potifolio yangu, zilivyohaririwa, na ukaongeza kwamba hupendi kusoma visingizio. Nimevipunguza kadiri nilivyoweza. Vilivyobaki ni vile ambavyo nikiviondoa, habari yenyewe haieleweki.

Kosa halikuanzia kwenye kompyuta, lilianzia kwenye mkasi. Nilinunua doti moja ya kanga yenye jina MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, nikiwa nimevutiwa na rangi zake tu, bila kufikiri kwamba kanga ile ilikuwa inanionya mapema. Kipande cha kwanza nilikishona sketi ya marinda, jina likae mbele, juu kidogo ya upindo wa chini. Kipande cha pili kilitakiwa kitoe kiwiliwili na mikono miwili mifupi, na mimi nilitaka pindo la kanga lizunguke mwisho wa kila mkono. Ulitufundisha kukunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja utoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mimi niliogopa tabaka la chini lisije likateleza pindo likaenda upogo, nikaamua kukata tabaka mojamoja. Niliweka kiolezo, nikakata. Nikakisogeza mbele kwenye pindo lilelile, nikakata tena. Kiolezo sikukigeuza.

Unajua, Mwalimu, kilichotokea. Kwa kuwa upande wa mbele wa mkono huchimbwa zaidi kwenye kwapa kuliko upande wa nyuma, kiolezo kisipogeuzwa hutoa mikono miwili ya bega moja, na mimi nilijikuta na mikono miwili ya kulia, iliyokatwa vizuri kabisa. Alama nilikuwa nimeziweka ipasavyo, moja mbele na mbili nyuma, lakini nilipoanza kupachika upande wa kushoto na alama moja ikakutana na alama mbili, nilijiambia kwamba niliyekosea kuhesabu ni mimi wa jana. Nilishona. Shangazi, aliyekubali kuwa mwanamitindo wangu, alipolivaa gauni, kifua kilijikunja kushoto na bega likavutwa nyuma, akasimama kama mtu anayeongozwa na askari kwenda kituoni.

Nilifumua. Nikajaribu kuupindua mkono ule, ndani uwe nje, kwa kuwa ukiupindua umbo lake huwa la kushoto kweli. Tatizo ni kwamba kanga yangu imechapwa upande mmoja, na mgongo wake umefifia kama nguo iliyoanikwa msimu mzima. Gauni lingekuwa na mkono mpya na mkono wa marehemu. Kitambaa cha kukatia mkono mwingine kilikuwepo, ila kilikuwa kichwani kwa shangazi: alikuwa amekwishajifunga kilemba kwa baki lote, akajitazama kwenye kioo, na akatangaza kwamba hicho sasa ni mali yake.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Mikindani kupiga picha tukiwa na gauni la mkono mmoja. Shangazi alisimama ubavu, bega la kulia na uso vikiielekea kamera, bega la kushoto limefichwa nyuma ya mwili, ukuta wa nyumba ya kale ukiwa kushoto kwa picha na maji ya ghuba kulia. Picha ya ukurasa wa 6 ndiyo hiyo. Niliyoifanyia ni mawili: niliipunguza kingo, kisha, kwa sababu jua la jioni lilifanya weupe wa pindo uonekane manjano, nilirekebisha rangi mpaka ikafanana na kipande cha kanga nilichokibandika pembeni ya ukurasa. Nadhani marekebisho hayo hayana hatia, maana yaliirudisha picha kwenye kitambaa chenyewe.

Picha ya ukurasa wa 7, yenye maelezo “Mwonekano wa upande wa kushoto”, ni picha hiyohiyo. Nilibonyeza `Flip Horizontal`, na mkono wa kulia ukawa wa kushoto bila sindano wala uzi. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilijiona fundi. Kisha nikaliangalia jina. Palipoonekana KUMBE SIYE sasa palisomeka kinyumenyume, na kilichonichelewesha kugundua ni kwamba herufi M, U, I na Y hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo jicho lililochoka usiku wa manane huziona na kuridhika. Ni S na E ndizo zilizonisaliti, zimegeuka kama watoto walionuna.

Hapo nilifanya kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza kwa kuwa nilikuwa macho. Nilikata maneno kutoka picha ya kwanza nikayabandika juu ya yale yaliyopinduka. Lakini kwenye picha ya kwanza herufi zilifuata mikunjo ya rinda moja, na mikunjo ya pale nilipozibandika ilikwenda kinyume. Nilizinyoosha ili zisigongane. Matokeo yake ni sketi yenye marinda yaliyojaa vivuli, na juu yake maneno yaliyonyooka kama kibao cha duka, yakikatiza mikunjo bila kuingia ndani ya hata mmoja.

Wewe ulianza na hilo, ukauliza ni pasi gani inayonyoosha maneno na kuacha kitambaa kimejikunja. Kisha ukafungua kurasa zote mbili kwa pamoja, ukaliuliza darasa kwa upole Mikindani ilikuwa kisiwa tangu lini, kwa maana maji yalikuwa kulia katika ukurasa mmoja na kushoto katika mwingine, na kivuli cha shangazi nacho kilikuwa kimehama, ingawa nilikuwa nimeandika kwamba picha zote zilipigwa wakati uleule. Mimi bado nilikuwa na nia ya kujitetea. Nia hiyo ilikufa siku ya maonyesho, shangazi alipoifikia meza yangu, akaitazama picha ya pili kwa muda, akajishika pua, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, “Mwanangu, kipini changu kiko kushoto. Huyu wa kulia ni nani?”

Kwa hiyo naomba ukurasa wa 7 uondolewe katika kazi ninayosahihishiwa. Chini ya picha ya ukurasa wa 6 nimeandika kwamba imepunguzwa kingo na kurekebishwa rangi, na kwamba gauni lilikuwa halijakamilika siku ilipopigwa. Mkono ulioharibika nimeubandika kwenye ukurasa mpya, ukiwa juu ya mchoro wa mwenzake, ili aonaye aone kwamba mikato ya kwapa imeelekea upande mmoja.

Gauni lenyewe nitalileta Jumatatu likiwa na mikono yote miwili. Shangazi amekubali kutoa kilemba, baada ya mazungumzo marefu na kanga nyingine nzima niliyomnunulia, na safari hii nimekata baada ya kugeuza kiolezo, nikakiandika KUSHOTO kwa kalamu nyekundu. Picha mpya tutapiga palepale Mikindani. Sharti lake ni moja tu, kwamba kipini kionekane na kibaki kilipo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wako wa ubunifu wa mavazi